Simu ilijaa keki ikiwa bado mezani

Kwenye sendofu ya binti wa kaka yangu mimi ndiye niliyeshika simu. Ni iPhone 11 ya mtumba, GB 64, na asubuhi ile nilikuwa nimeshafuta vitu hadi nikabakiwa na GB 11. Nikajiona nimejipanga. Bibi harusi mtarajiwa alipokuwa anamlisha mama yake keki, kioo kikaandika kwamba nafasi imekwisha. Nilikuwa nimerekodi dakika zisizofika 30. Wifi yangu hadi leo ananikumbusha.

Nilidhani ni wingi wa picha. Siku ya pili nikaingia Settings, kisha Camera, kisha Record Video, na jibu lilikuwa limeandikwa palepale kwa maandishi madogo chini ya orodha. Mtoto wa kaka aliyenisaidia kuiwasha simu alikuwa ameiweka 4K at 60 fps, yaani ubora wa juu kabisa wenye fremu 60 kwa sekunde, akidhani ananifanyia hisani. Kwa kiwango hicho dakika moja hula takriban MB 400. GB 11 kugawanya kwa 400 ni dakika 27 na kitu; hesabu ilikuwa imekaa mle muda wote, ila sikuwahi kuisoma. Juu yake, 1080p HD at 30 fps ilionyesha MB 60 kwa dakika. Kwa nafasi ileile ningerekodi saa tatu.

Kabla ya kubadilisha nilifanya jaribio. Nilimrekodi mwanangu akikimbia uani mara mbili, mara moja kwa kila kiwango, kila mara nusu dakika, nikazituma zote kwenye kundi la familia la WhatsApp. Zilivyofika huko hakuna aliyeweza kuzitofautisha, kwa sababu video hubanwa kabla ya kutumwa. Tofauti niliiona kwenye televisheni kubwa tu, na kwenye miguu ya mtoto: fremu 60 kwa sekunde hulainisha mwendo wa kasi. Kwa hotuba na watu waliokaa, 30 zinatosha kabisa. Nikaiweka kwenye 1080p ya 30. Mwendo wa polepole nao nimeuacha, maana ukiuweka 240 fps unakula MB 480 kwa dakika, zaidi hata ya 4K.

Kosa langu la pili lilikuja wiki hiyohiyo. Nilipeleka picha steshenari zisafishwe, kompyuta yao ikagoma kuzifungua kwa kuwa zilikuwa HEIC, muundo wa picha unaotumiwa na iPhone. Kijana wa pale akanishauri niende Camera, Formats, nichague Most Compatible ili simu ipige JPEG. Nikafanya hivyo. Picha zilifunguka, lakini siku chache baadaye nilirudi kwenye Record Video nikakuta zile MB 60 zimegeuka MB 130. Ndipo nikaelewa kwamba Formats haihusu picha peke yake. Inaamua pia video ibanwe kwa njia mpya au ya zamani, na ya zamani inakula zaidi ya mara mbili. Picha nazo, JPEG huchukua karibu mara mbili ya HEIC kwa mwonekano uleule.

Nikarudisha High Efficiency. Tatizo la steshenari lilikuwa na dawa yake kwingine: kwenye mipangilio ya Photos, mwisho kabisa, kuna Transfer to Mac or PC. Yangu ilikuwa Keep Originals. Nikaweka Automatic, na sasa nikichomeka waya kwenye kompyuta ya Windows, simu inazigeuza picha kuwa JPEG wakati wa kunakili, huku zenyewe zikibaki ndogo ndani. Kasoro yake ni kwamba ukinakili mia kadhaa kwa mkupuo, kazi inaweza kukatika katikati na kompyuta ikadai kifaa hakifanyi kazi. Mimi nanakili hamsini hamsini.

Mabadiliko haya hayakupunguza chochote kwenye video za zamani. Hizo zilibaki na uzito wake, na za sendofu nilizihamishia kwenye diski kisha nikazifuta. Hata baada ya kufuta nafasi haikurudi, mpaka nilipoingia Recently Deleted na kuzifuta tena. La sivyo hukaa humo hadi siku 30.

Jambo moja zaidi nililolipata kwa bahati: ukumbini taa zilikuwa zinaonekana kama zinapepesa kwenye video. Umeme wetu ni hezi 50, na fremu 30 haziendani nao vizuri. Kwenye Record Video kuna Show PAL Formats; ukiiwasha, inajitokeza 1080p HD at 25 fps.

Harusi yenyewe niliirekodi kwa hiyo 25. Dakika 52, GB tatu na ushee. Kabla ya kila kipande nilikuwa naangalia kona ya juu ya kioo kama imeandikwa HD na 25, kwa sababu kidole kikigusa pale kiwango kinabadilika. Wifi alikuja mara mbili kuuliza kama simu bado ina nafasi.