Mume Wangu Kapiga

Bibi ana mume Leeds. Ndivyo anavyomtania kaka yangu, mjukuu wake wa kwanza, na hapa Pangani majirani wote wanajua kwamba mume hupiga saa mbili asubuhi.

Kwa kweli hapigi yeye. Alirekodi sauti yake mara moja, akaiweka kwenye huduma ya kompyuta inayopiga simu kwa ratiba: "Shikamoo Bibi. Umeshakunywa dawa ya presha? Kama tayari, bonyeza moja. Kama bado, bonyeza mbili." Kitochi kinatosha, bando halihitajiki. Akibonyeza mbili au asipopokea, simu inarudi baada ya nusu saa. Ikishindikana tena, kaka anapata ujumbe.

Mwanzoni Bibi alinuna. Shikamoo ilitoka, na kabla hajamaliza marahaba swali likamkatiza. "Huko Ulaya hawasubiri kuitikiwa?" Kaka akarekodi upya, akaacha kimya cha sekunde chache baada ya salamu. Sasa Bibi anaitikia kwa raha zake na kuulizia watoto. Nilimkumbusha kwamba ni rekodi. "Najua. Kwani barua ilikuwa inanijibu?"

Mwisho wa Oktoba simu ikahamia saa tatu. Waingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, sisi saa zetu hatuzigusi, na kaka alikuwa amepanga saa kumi na mbili asubuhi ya kwao. Saa tatu Bibi keshakwenda kununua samaki, kitochi kakiacha kwenye chaji. Kaka akaona hapokei siku baada ya siku, akanipigia usiku, sauti inatetemeka. Dawa yake ilikuwa kubadili ukanda wa saa kwenye ratiba uwe `Africa/Dar_es_Salaam`, na saa yenyewe iwe mbili asubuhi ya kwetu.

Leo nimehesabu vidonge. Kwenye rekodi za kaka, mwezi mzima ni moja, moja, moja. Kwenye pakiti vimezidi vinne. Mashine inajua kitufe kimebonyezwa, kidonge hakioni.

Bibi hakubisha. "Nikibonyeza mbili, mtoto wa watu atashinda kazini na mawazo. Na mimi simezi kitu kabla ya chai." Nesi alishamwambia amlodipini haidai chakula, humezwa hata tumbo likiwa tupu. Hataki kusikia. Siku ambazo mkaa umekataa kushika, chai inachelewa, moja inabonyezwa, kisha kidonge kinasahaulika. Angalau havifidii kwa kumeza viwili kesho yake, maana hilo nesi alimkataza na amelishika.

Nikamweleza kaka. Hakugomba. Anaongeza chaguo: "Kama unasubiri chai, bonyeza tatu," na simu itarudi baada ya nusu saa bila yeye kupelekewa ujumbe wowote. Mimi nimehamishia pakiti kando ya chupa ya chai.

Bibi amesikiliza mpango wote, akatafakari kidogo.

"Na ya kumwambia atume hela ya mkaa, ni namba ngapi?"