Kufunza LoRA kwa picha za duka: kazi kubwa iko kwenye maelezo

Nilitaka picha zote za duka zifanane: mwanga laini kutoka kushoto, ukuta wa rangi ya mchanga, kivuli kifupi. Nilifunza LoRA, yaani faili dogo linaloongezwa juu ya modeli kubwa, kwa kutumia SDXL, modeli inayotengeneza picha kutokana na maneno, na picha 30 za bidhaa zetu.

Mara ya kwanza ilikataa. Niliomba picha ya kiatu, kikatoka na mkono wa kikombe ubavuni. Sababu ilikuwa wazi nilipohesabu: picha 22 kati ya 30 zilikuwa za vikombe, na maelezo ya maandishi yaliyoambatana na kila picha hayakutaja kikombe popote. Modeli ikadhani kikombe ni sehemu ya mtindo.

Kanuni yenyewe inawachanganya wengi. Unachokitaja kwenye maelezo, modeli hukihusisha na maneno hayo, nawe unaweza kukibadilisha baadaye. Usichokitaja hugandamana na neno maalumu la mtindo. Kwa hiyo taja bidhaa, rangi yake na pembe ya kamera, kisha nyamaza kuhusu mwanga, ukuta na kivuli. Kila picha ina faili lake la `.txt` lenye jina lilelile. Niliandika kwa Kiingereza, lugha ambayo SDXL inaielewa vizuri zaidi:

```
dkmtnd, ceramic mug, blue, seen from above
```

`dkmtnd` ndilo neno la mtindo. Halina maana yoyote, na ndivyo inavyotakiwa, maana neno la kawaida huja na picha zake kichwani.

Nilipunguza vikombe hadi 8, nikapiga picha mpya za mishumaa, vitambaa na vikapu mpaka zikatimia 30 tena. Kabla ya kufunza nilisawazisha weupe, kwa sababu picha za jioni zilikuwa na unjano ambao modeli ingeuchukua kama sehemu ya mtindo. Pia nilizima `flip_aug`. Mpangilio huo hugeuza picha kulia na kushoto, kwa hiyo mwanga wa kushoto ungekuja pia kutoka kulia, na mtindo ungekosa upande.

Kila picha ilirudiwa mara 10 katika kila mzunguko, kwa mizunguko 10: hatua 3,000, picha moja kwa kila hatua. Hifadhi faili kila mzunguko unapoisha, kisha uyajaribu yote kwa ombi moja na `seed` moja, yaani namba ileile ya kuanzia picha, ukiomba kitu ambacho hakimo kwenye picha zako. Kwangu mzunguko wa 4 ulitoa ukuta sahihi lakini mwanga bado ulitangatanga. Wa 7 ulitoa kiatu safi chenye kivuli chake. Kufikia wa 10, kitambaa cha meza kilijitokeza bila kuombwa, dalili kwamba modeli imeanza kukariri. Nikabaki na wa 7, nikitumia LoRA kwa nguvu ya 0.8.

Bidhaa yenyewe siiachii modeli, kwani huharibu maandishi ya lebo na hubadilisha umbo kidogo, na mteja atapokea kitu tofauti na alichokiona. Natumia modeli kutengeneza mandhari tupu tu, kisha naweka juu yake picha halisi ya bidhaa iliyopigwa kwa mwanga wa kushoto uleule.