Balbu, globu au taa? Tulivyopanga kamusi ya timu na utaratibu wa kuidhinisha

Timu yetu inaandika vichwa na maelezo ya bidhaa za umeme kwenye katalogi ya mtandaoni, watu kadhaa kwa wakati mmoja, na shida ilikuwa moja tu, kila mtu na kiswahili chake. Balbu ileile ya LED mmoja kaiita balbu, mwingine globu, wa tatu kaandika taa. Afu kipimo nacho, huku "wati 9", kule "9W". Mteja akichuja orodha anapata nusu ya bidhaa, anadhani zilizobaki hazipo.

Nikafungua shiti ya pamoja yenye tabu mbili, Kamusi na Kazi. Kwenye Kamusi kila neno lina mstari wake: neno tulilokubali, maneno tusiyoweka kwenye kichwa (kila moja seli yake kwenye kolamu B), maana kwa sentensi moja, na nani kalipitisha. Hiyo kolamu ya maana ndo watu wengi wanairuka na ndo inayomaliza ubishi. Sisi tuliandika hivi: balbu ni kile kinachofungwa kwenye soketi, taa ni kifaa kizima pamoja na kishikilio chake. Basi, taa haikufutwa, ilipewa kazi yake. Globu ndo ilitoka kwenye vichwa, ila hatukuitupa maana wateja wanaitafuta sana tu, tukaihamishia kwenye sehemu ya maneno ya utafutaji ambayo mteja haioni. Kamusi inatawala kinachosomeka, haimkatazi mteja kuongea anavyoongea.

Kichwa kikapata mpangilio mmoja: kitu, wati, kitako, rangi ya mwanga. Mfano "Balbu ya LED, wati 9, B22 ya pini, mwanga mweupe". Kitako lazima kitajwe, kwa sababu B22 ni ya pini na E27 ni ya kuzungusha, mtu akinunua isiyo yake haiingii kwenye soketi na bidhaa inarudi.

Kukagua kwa macho kunachosha, so kwenye tabu ya Kazi nikaweka fomula inayohesabu maneno yaliyokataliwa ndani ya kichwa, ambacho kinaandikwa kolamu C, ikizidi sifuri seli inakuwa nyekundu:

```
=SUMPRODUCT((Kamusi!B$2:B$80<>"")*
ISNUMBER(SEARCH(" "&Kamusi!B$2:B$80&" ",
" "&SUBSTITUTE(C2,","," ")&" ")))
```

Zile nafasi pembeni ya neno sio mapambo. Tulikuwa tumekataza maneno ya kupamba kama "kali" na "bora", na bila hizo nafasi SEARCH inaikuta "kali" ndani ya "mwanga mkali" ambayo ni sifa halali kabisa, ukurasa mzima unakuwa mwekundu na watu wanaacha kuangalia. Na ile `<>""` ni ya kuzuia seli tupu zisihesabiwe. Ila fomula haishiki kila kitu, "9W" iliyobanana inapita, hiyo bado ni jicho la mtu.

Kuidhinisha sasa. Mwandishi anaweka hali "Inakaguliwa", mwenzake anasoma, sheria ni kwamba hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe. Akirudisha anachagua sababu kwenye orodha: neno, kipimo au ukweli. "Irekebishe kidogo" haikubaliki, irekebishwe nini sasa? Mwanzoni kila kitu kilipita kwa mhariri mkuu na foleni ikawa ndefu balaa, tukagawa: kichwa kinachofuata mpangilio na kina maneno ya kamusi tu kinapitishwa na mwenzako, mhariri anaona vyenye neno jipya au dai la kiufundi, mfano "inapunguza umeme" au "haiingii maji". Neno jipya linaandikwa kwenye mapendekezo na linaamuliwa Jumanne, kabla ya hapo bidhaa inasubiri.

Kilichotusumbua zaidi kilikuwa kingine. Kitu kimeshaandikwa "Imeidhinishwa", afu mtu anaingia baadaye "kusahihisha kidogo", maandishi yanabadilika hali inabaki ileile ya kijani. Ukiangalia huwezi kujua. Dawa yake, anayepitisha ananakili kichwa anakibandika kama thamani kwenye kolamu D, ambayo tumeifunga na wakaguzi peke yao ndo wanaigusa, na pembeni kuna:

```
=EXACT(C2,D2)
```

Ikitoa FALSE hali inarudi "Inakaguliwa". Nimetumia EXACT badala ya alama ya sawasawa tu, maana ile haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na "b22" na "B22" kwetu ni vitu viwili. Kinachopandishwa kwenye katalogi ni kolamu D, C ni uwanja wa kuchezea.

Halafu fomula ya maneno tukaielekeza na kwenye D pia. Siku tulipoongeza "kitako cha kuskruu" kwenye maneno ya kukataliwa, vichwa vya zamani vyenye neno hilo viliwaka vyenyewe, tukavipanga foleni kama kazi mpya bila mtu kuanza kuvisaka kimoja kimoja.