Ilani ya nyumba ya Nkuhungu: kwa nini nilifuta muhtasari wangu nikaanza kunakili

Nina kibanda cha steshenari Nkuhungu, hapa Dodoma. Kazi zangu ni kutoa kopi, kuskani vyeti, kuchapa barua za maombi na mikataba ya kupangisha vyumba. Mwaka 2022, mwishoni mwa Machi, mama mmoja jirani aliniletea simu yake akaniomba nimtumie mwanawe aliyeko Mwanza picha ya karatasi aliyoletewa nyumbani. Mumewe, ambaye ni marehemu sasa, alikuwa ameweka nyumba rehani kwa mkopo, na karatasi hiyo ilikuwa ilani ya mkopeshaji. Mwana alipoipata picha akanipigia: "Kaka, hapa kwangu sioni kitu, herufi ndogo na karatasi imekunjwa. Niandikie kwa kifupi wanataka nini."

Nikaipitia picha, nikamwandikia mistari miwili: wanadai shilingi 4,380,000, zilipwe ndani ya siku 60 kuanzia tarehe 3 Machi, la sivyo nyumba inauzwa. Nilimsomea na mama, akashukuru, akaenda. Niliona nimemaliza kazi.

Jumamosi yake alirudi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nisomee tena ile barua, lakini sasa nisomee yote, kama ilivyoandikwa." Alikuwa hajalala siku tatu. Alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vyake kwenye maboksi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba nyumba inauzwa. Nikaifungua picha, nikaikuza, nikaanza kusoma taratibu. Nilipofika katikati akanishika mkono: "Bima? Hiyo bima hukuniambia."

Naiweka hapa sehemu yenyewe, kwa sababu ubaya wote wa muhtasari wangu unaonekana ukilinganisha na maneno haya:

"2. Ili kurekebisha ukiukwaji huo unatakiwa, ndani ya siku sitini (60) tangu tarehe ya kupokea ilani hii: (a) kulipa malimbikizo ya Sh. 4,380,000/= (Shilingi Milioni Nne Laki Tatu na Elfu Themanini) kama yalivyokuwa tarehe 28 Februari 2022; (b) kulipa riba inayoendelea kuongezeka hadi siku ya malipo; na (c) kuwasilisha bima ya moto ya jengo iliyo hai. 3. Muda huo ukiisha bila kutekeleza yaliyotajwa katika aya ya 2, deni lote litastahili kulipwa mara moja na Mkopeshaji anaweza kutumia haki yake ya kuuza nyumba."

Mimi nilikuwa nimeandika "zilipwe 4,380,000". Aliyesoma hivyo angetuma kiasi hicho hicho kamili, akakaa akijua amemaliza, kumbe riba ya kuanzia Machi ingali inadaiwa na bima haijapelekwa. Neno "na" lililo kabla ya (c) linamaanisha yote matatu yanatakiwa. Kisha nilikuwa nimeandika "nyumba inauzwa", wakati ilani inasema anaweza kutumia haki ya kuuza, na kabla ya hapo inasema jambo ambalo sikuligusa kabisa: deni lote, si malimbikizo tu, ndilo litakalodaiwa.

Kosa la siku lilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 3 Machi ndiyo iliyochapwa juu ya barua. Lakini ilani inahesabu tangu kupokelewa, na mama aliipokea tarehe 21. Nilimuuliza alijuaje, akageuza karatasi: nyuma yake kulikuwa na kalamu ya wino, "Nimepokea 21/3/2022", na alikumbuka amesaini pia kwenye daftari la dispachi la aliyeileta. Ile picha ya kwanza ilikuwa ya upande wa mbele tu. Ukihesabu kuanzia tarehe 3, siku ya 60 inaangukia 2 Mei. Ukihesabu kuanzia 21, bila kuihesabu siku yenyewe ya kupokea, Machi inakupa siku 10, Aprili 30, na zilizobaki 20 zinakufikisha 20 Mei. Nilikuwa nimewanyang'anya siku 18.

Baadaye wakili waliyemwendea alinionyesha kwamba neno hilo la kupokea si la bahati mbaya. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kwenye kifungu cha 127 katika toleo la mwaka 2019, inataka ilani ya namna hii imweleze mkopaji aina na ukubwa wa ukiukwaji, kwamba mkopeshaji anaweza kuchukua hatua dhidi ya ardhi iliyowekwa rehani, mambo ya kufanya ili kurekebisha, na kwamba siku 60 baada ya kuipokea deni lote litadaiwa na mkopeshaji anaweza kuuza. Wakili anapoishika ilani anaangalia kama hayo yote yamo na yameandikwaje. Kwa muhtasari wangu asingeweza kuangalia hata moja.

Basi nikamwambia mama nitaichapa upya yote, neno kwa neno, kwa herufi kubwa za kusomeka, ndipo nimwandikie mwanawe maelezo mafupi pembeni. Tangu siku ile huo ndio utaratibu wangu. Karatasi ambayo mtu ataijibu, au atahesabu siku kwa kuifuata, au itanukuliwa mbele ya baraza au mahakama, naichapa kama ilivyo kwanza. Tangazo la mkutano wa mtaa au ratiba ya mgawo wa maji nalifupisha tu, hakuna atakayelipa gharama kwa neno lililopotea.

Nilianza kwa kupiga picha upya. Nilitoka nje ya kibanda, kwenye kivuli, nikailaza karatasi juu ya meza na kuinyoosha mkunjo, simu nikaishika juu yake sawasawa mpaka pembe zote nne zikaonekana, bila kuwasha taa ya simu kwa kuwa inaacha doa jeupe. Mbele na nyuma. Kisha nikajitumia kama `Document`, maana ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na herufi zinavurugika kingo.

Programu ya kusoma maandishi kwenye picha ilinipa rasimu, na hapo ndipo ninapowaomba wenzangu wa kazi hii wasikimbie. Mkunjo ulipita juu ya tarakimu, ikasoma 4,880,000. Kilichoniokoa ni maneno yaliyo kwenye mabano: Laki Tatu na Elfu Themanini. Fedha kwenye barua za namna hii mara nyingi huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa hiyo nalinganisha kila mahali. Kama vyote viwili havisomeki, siandiki ninachodhani, naandika [haisomeki] na kurudi kwa mwenye karatasi.

Kisha Word nayo. Niliporekebisha aya ya 2 kwa kuichapa kwa mkono, ile (c) ikageuka yenyewe kuwa ©, alama ya hakimiliki. Kipengele cha bima, kile kile nilichokiangusha mara ya kwanza, kikawa hakina herufi yake tena. Mwana angeambiwa "angalia 2(c)" angekitafuta asikione. Dawa yake ni kwenda `File > Options > Proofing > AutoCorrect Options`, ukaondoa ubadilishaji huo. Nilizima pia namba za kujiandika zenyewe, kwa sababu ukurasa unaoanza na aya ya 3 Word inaweza kuuanzishia 1, na namba za aya ndizo zinazorejelewa humo humo ndani: aya ya 3 inasema "yaliyotajwa katika aya ya 2".

Nilichojiruhusu kubadilisha ni umbo tu: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, kila kipengele kuanza mstari wake, neno lililokatwa mwisho wa mstari kuunganishwa. Maneno sikuyagusa, wala nukta, wala herufi kubwa za "Mkopeshaji". Palikuwa na mahali wameandika "kiasai" badala ya "kiasi". Mkono uliniwasha kuirekebisha, lakini nikaiacha na kuweka [kama ilivyo], maana nikianza kusahihisha tahajia ya aliyeandika ilani, msomaji hatajua ni wapi tena nimemsahihisha. Saini niliandika [saini], na muhuri [muhuri, maandishi hayasomeki yote]. Nembo ya juu sikuiweka kabisa. Kichwani mwa ukurasa nikaandika: "Imechapwa upya kutoka kwenye picha kwa ajili ya kusomeka tu. Karatasi halisi anayo mwenyewe." Karatasi iliyochapwa kibandani ikiwa na nembo na saini inafanana na ya kughushi, na haimsaidii mtu yeyote.

Mwisho tukasoma kwa sauti. Mama hakuweza kusoma bila miwani, kwa hiyo binti yake alishika karatasi halisi, akasoma neno kwa neno hadi mkato na nukta mkato, mimi nikifuata kwenye nakala kwa kidole. Tulikamata moja: nilikuwa nimeruka "kuongezeka". Ilituchukua kama nusu saa kwa ukurasa mmoja na nusu.

Ndipo nikaandika muhtasari, kwenye karatasi ya pili, mistari sita, minne ikiwa na namba ya aya mbele yake: lipa malimbikizo, aya 2(a); uliza riba imefika ngapi siku utakayolipa, 2(b); peleka bima ya moto, 2(c); siku ya mwisho kwa hesabu yangu ni 20 Mei, ithibitishwe na wakili; ukipitisha, deni lote linaweza kudaiwa na mkopeshaji anaweza kuuza, aya ya 3; tarehe ya kupokea iko nyuma ya ukurasa. Juu yake: "Haya ni maelezo yangu, si ilani." Kwenye hesabu ya siku sikutaka neno langu liwe la mwisho, mimi si mwanasheria.

Nikampigia mwana nikamwambia ujumbe ule wa kwanza aufute, na nikamwambia kwa nini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, mimi nilikuwa natafuta 4,380,000 tu." Jumatatu, tarehe 28, mama alikwenda kwa wakili na vitatu mkononi: karatasi halisi, nakala niliyoichapa, na ukurasa wangu wa mistari sita. Wakili aliweka ukurasa wangu kando, akafanya kazi na karatasi halisi, akitumia nakala kuweka alama za kalamu.

Bima ilikatwa katikati ya Aprili. Fedha zilipelekwa wiki ya kwanza ya Mei, baada ya kuomba kwa maandishi hesabu ya riba hadi siku hiyo. Barua ya kuombea hesabu hiyo niliichapa mimi, na mstari wake wa kwanza ulisema: "Kwa kurejelea aya ya 2(b) ya ilani yako niliyoipokea tarehe 21 Machi 2022."