Mliniona lini?

Saa hizi ningekuwa nimelala ila maneno ya mzee wa geti hayataki kutoka kichwani. Mnamjua, yule wa zamu ya usiku, anayevaa sweta juu ya yunifomu mpaka bosi ananuna. Jumanne nilitakiwa nikae naye nimsomee tathmini yake ya mwaka. Fomu alishaijaza supavaiza, kazi yangu mimi kusoma tu, yeye asikie, asaini, tuendelee na mengine. Nikasoma. Uaminifu nne, bidii tatu, uangalifu mbili, ushirikiano mbili. Kanisikiliza mpaka mwisho, hajakunja hata uso, halafu akauliza kwa upole kabisa.

"Mwanangu, hapo kwenye uangalifu. Mliniona lini?"

Nikamwambia mzee, mimi siye niliyejaza. Akasema hilo nalijua, ila huyo aliyejaza aliniona lini?

Basi. Wiki hii ofisi imehama ghorofa, binamu kachumbiwa, mkuu wa fedha kaandika barua ya kuacha kazi, na mimi niko na hilo swali tu. Naosha vyombo nalisikia. Mliniona lini. Hakuuliza kwa hasira, angekuwa na hasira ningejitetea na ingeisha pale pale. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Na ukikaa ukalifikiria, jibu lipo ila linaaibisha. Supavaiza anamuona jioni kwenye makabidhiano ya lindo, robo saa labda, wakisainishana wanaondoka. Zamu yenyewe ina urefu wa saa kumi na mbili. Zilizobaki zote hakuna anayemuona, na ndo kazi yenyewe ilivyo, mlinzi wa usiku akifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, asubuhi tunakuta milango imefungwa na hatuulizi. Sasa hiyo mbili imetoka wapi? Pembeni kwenye maelezo imeandikwa "haonekani kuwa makini". Haonekani na nani? Nadhani imetoka kwenye lile sweta, na ile sauti yake ya polepole. Maana mlinzi wa mchana ana tano mpaka chini, na yule jamaa kitu anachofanya vizuri kuliko wote ni kupiga saluti gari la bosi likiingia.

Hili jambo lina umri. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Mmarekani, Edward Thorndike, aliandika kuhusu maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima watu wao, akili kivyake, umbo kivyake, uongozi kivyake. Alama zikawa zinafuatana mno, kama mtu kapendeza machoni basi na akili kapewa. Miaka zaidi ya mia na sisi bado tunajaza fomu ile ile, eti uangalifu, toka moja mpaka tano.

Nikachukua daftari la matukio la getini nikaenda nalo nyumbani (kwa ruhusa, kabla hamjaanza) nikaanza kusoma kurudi nyuma. Nilikuwa natafuta kitu chochote cha kumjibu. Nikakikuta kwenye ile mbili ya pili, ya ushirikiano, ambayo yeye wala hakuigusa.

Kuna jioni moja, miezi kadhaa nyuma, mzee kaandika kwa mwandiko wake ule wa kuegemea kushoto: funguo zilizokabidhiwa 13, zinazotakiwa 14, ya stoo haipo, sijasaini, aliyetoka yuko hapa mpaka ipatikane. Chini yake, dakika arobaini na tano baadaye, kwa mwandiko mwingine, ufunguo umepatikana mfukoni mwa fundi, zote 14, tumesaini wote wawili. Nikampigia mlinzi wa mchana nikamuuliza kama anaikumbuka hiyo siku. Anaikumbuka vizuri sana! Alichelewa kwenye shughuli zake, akamlalamikia supavaiza kwamba yule mzee mgumu, hashirikiani na wenzake. Na supavaiza akaibeba hivyo hivyo mpaka kwenye fomu.

Yan kitendo bora kuliko vyote nilivyovisoma kwenye hilo daftari ndo kimemletea alama ya chini. Nilicheka peke yangu. Halafu sikucheka tena, maana ile alama inaenda kwenye mkataba wake. Ukiandika "ushirikiano" kila mtu anaweka wake humo, mwingine tabasamu, mwingine kutokusumbua watu. Ukiandika "anahesabu funguo mbele ya anayetoka, na hasaini kama hazijatimia" hakuna pa kuficha chuki humo. Alihesabu au hakuhesabu, basi.

Hapo ndo hasira zikageuka kazi, nikaanza kuiandika upya sehemu ya mlinzi, na nawaambia ukweli nimeifurahia. Kigezo nilichojiwekea ni hicho hicho chake: kama huwezi kumwambia mtu ulimuona lini, hiyo sentensi haiingii. "Makini" ikatoka. Zikaingia za kawaida kabisa, kwamba gari likija anatoka kibandani, anaangalia kadi ya dereva na siyo stika ya kioo tu, anaandika namba na saa kabla geti halijafunguka na siyo baada. Kwamba kwenye makabidhiano anasoma kurasa za zamu iliyopita ndo anasaini. Za dada wa usafi nitazifanya mwezi ujao ila ya kwanza ninayo tayari, kile kibao cha sakafu imelowa kinawekwa kabla ya deki kuanza. Hata mtu asiyempenda ataona kama kipo au hakipo.

Sentensi zikifika kama ishirini hivi nikakumbuka kitu nilichosoma zamani chuoni, watafiti Smith na Kendall, 1963, walikuwa wanatengeneza vipimo vya kazi ya wauguzi. Walichofanya, kundi moja la wakuu wa wauguzi linaandika mifano ya vitendo, halafu mifano inachanganywa, kundi jingine linaambiwa rudisheni kila mmoja kwenye sifa unayoipima. Mfano ambao watu hawakubaliani ni wa sifa gani unatupwa. Nikakata vikaratasi, nikawapa walinzi watatu na supavaiza mwenyewe, kila mtu apange kivyake. "Anawajulisha wageni utaratibu kwa heshima" mmoja kaiweka kwenye usalama, wawili kwenye huduma, supavaiza kaiacha mkononi akauliza hii heshima tunaipimaje. Nikamwambia asante kaka, nikaichana. Ya funguo wote wanne wameiweka kwenye makabidhiano bila kuulizana.

Iliyonisumbua ni doria. Ukisema "anazunguka vituo vyote sita kila baada ya saa mbili" inaonekana safi, ila utaijuaje? Utasema daftari. Haya, nikalilaza daftari pembeni ya taa. Kuna mlinzi mmoja, simsemi nani, doria zake ni saa 4:00, saa 6:00, saa 8:00, saa 10:00, usiku mzima hakuna hata dakika iliyopinda, wino mmoja, mistari imenyooka utadhani imepigwa rula. Mtu anayetembea kweli hafiki hivyo. Za mzee ni saa 4:10, saa 5:55, halafu saa 8:25 na kaeleza kachelewa kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa inazima na kuwaka akasimama kuiangalia. Sasa ukipima kwa unadhifu wa daftari yule wa rula anashinda, na ukitangaza kwamba doria zinapewa alama, wote watanunua rula. Kwa hiyo sentensi nimeiacha ila ushahidi nimeubadilisha: kila mwezi tunachota usiku wachache kwa bahati nasibu, tunafungua kamera ya uwani kwa saa zilizoandikwa daftarini, tunaangalia kama mtu kapita. Na walinzi wanaambiwa mapema kwamba itafanyika, ila hawaambiwi usiku gani. Bila hivyo inakuwa kuvizia watu, na mimi sitaki kuvizia mtu.

Nimeweka na kisanduku cha "haikutokea". Mambo ya moto kwa mfano. Mwaka mzima hakuna moshi, utampa mtu tatu ya nini? Badala yake anaambiwa tu, mzee nionyeshe, ukikuta moshi hapa unaanzia wapi, na anaonyesha kwa miguu yake, kengele ile pale, namba ya zimamoto imebandikwa pale, geti la dharura hili. Siyo sawa na moto wenyewe, najua. Ila angalau umemuona.

Ijumaa nikarudi getini na rasimu. Shikamoo, marahaba, nikamsomea. Ile ya funguo alicheka mpaka akashika ukuta, "kumbe mlisoma!" Nikamwambia ushirikiano umefutwa, uangalifu umefutwa, na supavaiza kakubali fomu ya mwaka huu irudiwe (alinung'unika kidogo, alinung'unika sana). Nikadhani tumemaliza. Nikafika kwenye ile ya "anamulika nyuma ya jenereta kila mzunguko", akaninyamazisha kwa mkono.

"Kwa tochi ipi, mwanangu?"

Akafungua lile lile daftari nililolala nalo wiki nzima. Tochi haishiki chaji. Kaandika. Ukurasa mwingine, tochi haishiki chaji, naomba nyingine. Na mwingine tena, na pembeni kuna saini ya mtu wa ofisini kwetu kwamba ameona. Nilizipita zote hizo, nilikuwa natafuta saa za doria. Kwa hiyo hiyo sentensi imesimama mpaka tochi ije, kwa sababu huwezi kumpima mtu kwa kitu ulichomnyima, na ukiiacha hivyo hivyo itakuwa ni tathmini ya ofisi ya manunuzi imevalishwa jina la mzee. Ombi la tochi nimelipeleka mwenyewe, nimesubiri pale mpaka likagongwa muhuri.

Akaniongezea na yake, nimeiandika kama alivyoisema: anayetoka asitoke mpaka anayeingia aseme nimepokea. Nzuri. Kesho naichanganya kwenye vikaratasi na zingine, ikirudi mahali pake inaingia.

Ningelala sasa, ila mdogo wangu katuma sauti ya dakika nane anasema anataka kuacha chuo na ananiomba mimi ndo nimwambie baba. Sijamjibu. Baba anakuja Jumapili.