Nilivyoielewa 3.84: kutoka hesabu ya hitilafu hadi kai-mraba

Kwa muda mrefu nilitumia jaribio la uwiano wa uwezekano kama wanavyolitumia wengi: unakadiria modeli ndogo, unakadiria modeli kubwa inayoibeba ile ndogo ndani yake, unatoa logi ya uwezekano ya ndogo katika ile ya kubwa, unazidisha tofauti hiyo kwa 2, kisha unalinganisha jibu na jedwali la kai-mraba, ambamo kikomo cha asilimia 5 kwa digrii 1 ya uhuru ni 3.84. Mwenzangu kazini ndiye aliyeniuliza swali lililonilazimisha kuingia ndani zaidi. Data yetu ilikuwa idadi ya hitilafu, nambari kamili zinazofuata mtawanyo wa Poisson. Kai-mraba, kwa maana yake ya asili, ni jumla ya miraba ya nambari zinazofuata mtawanyo wa kawaida. Je, mtawanyo wa kawaida uliingilia wapi, ilhali hakuna aliyeualika? Kumjibu kwamba Samuel Wilks alilithibitisha jambo hilo mwaka 1938 lingekuwa jibu sahihi, lakini lisingemwonyesha chochote. Niliamua kutafuta mfano mdogo kiasi kwamba kila hatua ingeweza kufanywa kwa mkono.

Nilichukua mashine mbili zilizofanya kazi kwa saa sawa. Ya kwanza iliandikiwa hitilafu 30, ya pili 18. Modeli ndogo inadai kwamba mashine zote mbili zina wastani mmoja wa hitilafu. Modeli kubwa inairuhusu kila moja iwe na wastani wake. Ndogo imo ndani ya kubwa kwa maana kamili: ukiilazimisha kubwa iwe na wastani mbili zinazolingana, unabaki na ile ndogo yenyewe. Kompyuta inahitaji mistari michache tu:

```r
y <- c(30, 18)
g <- factor(c("A", "B"))
m0 <- glm(y ~ 1, family = poisson)
m1 <- glm(y ~ g, family = poisson)
anova(m0, m1, test = "LRT")
```

Jibu ni 3.03 kwa digrii 1 ya uhuru, na thamani ya p ni takriban 0.082. Kwa mkono ni 2 × [30 ln(30/24) + 18 ln(18/24)], ambapo 24 ni wastani wa pamoja unaotolewa na modeli ndogo. Mpaka hapo hakuna jipya.

Njia ilifunguka nilipoacha kutumia wastani mbili na badala yake nikaandika vigezo viwili vingine: μ, yaani jumla ya hitilafu inayotarajiwa kwa mashine zote mbili, na p, yaani sehemu ya jumla hiyo inayoiangukia mashine ya kwanza, ambayo si ile thamani ya p ya jaribio. Hakuna taarifa iliyopotea, kwa kuwa ukijua μ na p unajua wastani wa kila mashine. Lakini logi ya uwezekano, ukiacha sehemu isiyo na kigezo chochote, sasa inagawanyika vipande viwili visivyogusana:

```
[48 ln μ − μ] + [30 ln p + 18 ln(1 − p)]
```

Kipande cha kwanza hakijui lolote kuhusu p. Katika modeli ndogo na katika modeli kubwa kadirio bora la μ ni lile lile 48, kwa hiyo unapotoa, kipande hicho kinafutika chote. Kinachobaki ni swali moja tu: logi ya uwezekano inashuka kiasi gani p inapoondolewa kwenye kilele chake, ambacho ni 30/48 = 0.625, na kulazimishwa kukaa kwenye 0.5? Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini digrii za uhuru ni tofauti ya idadi ya vigezo na si idadi ya vigezo vyote. Kigezo kilicho huru katika modeli zote mbili kinapata nafasi ile ile ya kujirekebisha pande zote, na mchango wake hauonekani kwenye tofauti.

Niliuchora mchoro wa kipande cha pili kwa thamani za p kuanzia 0.4 hadi 0.8. Naamini kila anayetumia jaribio hili anapaswa kuuchora walau mara moja, kwa sababu jibu la swali la mwenzangu limo ndani yake. Mstari unapanda, unafika kileleni kwenye 0.625, unashuka, na kwa macho ni vigumu kuutofautisha na parabola. Parabola inayoukaribia kileleni inahitaji nambari moja tu, nayo ni ukali wa mpindo mahali hapo. Kwa mfano huu mpindo ni 48/(0.625 × 0.375) = 204.8. Mshuko kutoka kilele hadi 0.5 kwa kufuata parabola ni nusu ya mpindo mara mraba wa umbali, yaani ½ × 204.8 × 0.125² = 1.60. Mshuko halisi wa logi ya uwezekano ni 1.516. Tofauti ipo, lakini ni ndogo.

Ile nusu ndiyo sababu ya kuzidisha kwa 2. Ukiiondoa, kinachobaki ni mpindo mara mraba wa umbali, na mpindo huo si nambari ya hivi hivi tu: ni kinyume cha variansi ya kadirio. Kadirio la p lina variansi p(1 − p)/48, na ukiweka 0.625 unapata 1/204.8 kamili. Kwa hiyo kipimo cha jaribio, kwa ukaribu wa parabola, si kingine ila umbali kati ya kadirio na thamani inayodaiwa, ukigawanywa kwa kosa sanifu, kisha kuwekwa kwenye mraba. Modeli ndogo ikiwa ya kweli, umbali huo uliosanifishwa unafuata mtawanyo wa kawaida kwa ukaribu, kwa kuwa kadirio linatokana na mikusanyo ya matukio mengi madogo. Mraba wa nambari ya kawaida sanifu ni kai-mraba yenye digrii 1. Na 3.84, ile nambari tuliyoikariri wote, ni mraba wa 1.96.

Basi mtawanyo wa kawaida hauhitajiki kwenye data. Unaingia kupitia kadirio, wakati parabola inaingia kupitia umbo la logi ya uwezekano karibu na kilele. Ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yanahitaji data ya kutosha. Data inapoongezeka, mpindo unakuwa mkali zaidi na kadirio linatangatanga katika eneo dogo zaidi. Na ndani ya eneo dogo, sehemu za mstari zinazokiuka parabola hazipati nafasi ya kuonekana.

Niliweza pia kupima ukaribu huo. Mpindo ukihesabiwa kwenye 0.5 badala ya kileleni unakuwa 192, na kipimo kinakuwa 192 × 0.125² = 3.00. Kwa mpindo wa kileleni kilikuwa 3.20. Jaribio la uwiano wa uwezekano linatoa 3.03, katikati ya hizo mbili. Kama parabola ingekuwa kamilifu, nambari zote tatu zingelingana. Tangu hapo nimeifanya kuwa desturi kuangalia vipimo hivi vitatu pamoja: vinapokaribiana najua kwamba parabola inashika, na vinapoachana sana siiamini thamani ya p ya jaribio hata kama programu imeiandika kwa tarakimu sita.

Kisha nikauliza: ikiwa mashine kweli ziko sawa na jumla ni 48, kipimo kinapita 3.84 mara ngapi? Hilo halihitaji ukaribu wowote. Mgawanyo wa 30 kwa 18 unatoa 3.03 na haupiti. Wa 31 kwa 17 unatoa 4.14 na unapita. Uwezekano wa kutoka nje ya 18 hadi 30 unapatikana moja kwa moja:

```r
1 - sum(dbinom(18:30, 48, 0.5))
```

Jibu ni takriban 0.059, si 0.05. Kwa hitilafu 48 tu, naona huo ni ukaribu mzuri, na pengo lililobaki linatokana na kwamba hitilafu huhesabika moja moja, hivyo kipimo kinaruka kutoka 3.03 hadi 4.14 bila kupita katikati.

Kwa mashine nne, hoja ni ile ile. Kudai kwamba zote zina wastani mmoja ni kuweka masharti matatu. Parabola inakuwa kilima chenye pande nyingi, na mshuko wake unaweza kuandikwa kama jumla ya miraba mitatu isiyotegemeana, mmoja kwa kila sharti. Hiyo ni kai-mraba yenye digrii 3, na kikomo cha asilimia 5 ni 7.81. Si kila modeli inayogawanyika vizuri kama Poisson ilivyogawanyika kwa μ na p, lakini karibu na kilele unaweza daima kuchagua mielekeo inayotenganisha vigezo vinavyojaribiwa na vile vilivyo huru, na hilo ndilo uthibitisho wa jumla unalolitegemea.

Faida kubwa ya kuiona parabola niliipata baadaye, tulipokuwa na rekodi za mashine nyingi na kushuku kwamba hitilafu zinatawanyika kuliko Poisson inavyoruhusu. Modeli kubwa ilikuwa ile ya binomia hasi, ambayo variansi yake ni μ + αμ², na Poisson imo ndani yake pale α inapokuwa 0. Inaonekana kama sharti moja, digrii moja, kikomo 3.84. Lakini α haiwezi kushuka chini ya 0, na 0 ndiyo thamani tunayoijaribu: tumesimama ukingoni. Ikiwa Poisson ni ya kweli, kilele cha parabola kinaangukia upande hasi takriban nusu ya mara zote. Kadirio linazuiwa kwenye 0, modeli mbili zinakuwa kitu kimoja, na kipimo kinakuwa 0. Katika nusu nyingine kipimo kinafuata kai-mraba yenye digrii 1 kama kawaida. Mtawanyo wa kweli ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na kikomo cha asilimia 5 ni 2.71.

Sisi tulipata 3.1. Kwa jedwali la kawaida thamani ya p ya jaribio ni 0.078, na mtawanyiko wa ziada ungeachwa. Kwa mchanganyiko ni nusu yake, 0.039. Kabla ya kuandika ripoti niliiga data nyingi kwa kompyuta kutoka modeli ya Poisson tuliyoikadiria, nikakadiria modeli zote mbili kwa kila seti, na kuchora mtawanyo wa kipimo. Mrundo mkubwa wa sifuri upande wa kushoto ulionekana mara moja, mkubwa kidogo kuliko nusu, kama inavyotarajiwa sampuli isipokuwa kubwa. Mwenzangu aliutazama mchoro huo na kuuliza sifuri zile zimetoka wapi. Nilimchorea parabola yenye kilele upande wa kushoto wa 0, nikaweka mstari wa wima kwenye 0, na hakuhitaji maelezo zaidi. Ripoti ilitumia p iliyotokana na uigaji huo, na binomia hasi ndiyo iliyobaki.