Mafua ya mtoto wa miezi tisa, bila dawa ya kikohozi

Mwanangu alikuwa anashika ziwa, ananyonya kidogo, analiachia na kulia. Pua ilikuwa imeziba, na mtoto wa umri huo hupumua zaidi kwa pua, kwa hiyo hawezi kunyonya huku akihema. Kikohozi chake kilitisha masikioni, lakini shida kubwa ilikuwa puani.

Dukani nilipewa chupa ya dawa ya mafua na kikohozi. Nikasoma lebo: klorofeniramini ya mzio, dawa ya kukausha kamasi, na parasetamoli. Ya kwanza humsinzisha mtoto, ya pili inaweza kumwendesha moyo mbio. Parasetamoli nilishampa asubuhi kwa ajili ya homa. Kumpa na ile chupa kungekuwa kumrudishia dawa ileile, na ikizidi huumiza ini. Na faida yake? Kwa watoto wadogo haijathibitika kwamba dawa hizi zinapunguza kikohozi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2008 zisitumike kwa walio chini ya miaka 2, na watengenezaji wenyewe wakaandika wasipewe walio chini ya miaka 4. Nikairudisha.

Nilichemsha maji, nikapima kikombe kimoja, nikakoroga chumvi nusu kijiko cha chai, nikaacha yapoe. Kabla ya kunyonyesha nilimlaza chali, nikadondosha matone mawili kila tundu la pua, nikasubiri kidogo kamasi lilainike, kisha nikalivuta kwa kibomba cha mpira. Kibonyeze kwanza ndipo ukiingize, ukibonyezea ndani unalisukuma kamasi juu. Alipiga kelele kama anachinjwa, halafu akanyonya ziwa zima. Maji ya chumvi nilitengeneza mapya kila siku.

Mama mkwe alishauri asali. Kaka yake wa miaka minne, aliyeleta mafua hayo, nilimpa kijiko kidogo wakati wa kulala na kikohozi cha usiku kikapungua. Mdogo hakuonja: chini ya mwaka mmoja asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, hata kama ni asali safi ya porini. Kujifukiza nako nilikataa, kwa kuogopa sufuria la maji ya moto kumuunguza.

Nilichokifuatilia zaidi ni pumzi. Akiwa ametulia au amelala, nilimfunua tumbo nikahesabu kwa dakika nzima, nilipata 38. Kati ya miezi 2 na 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Zikifika huko, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akigoma kunyonya, au akilegea, unakwenda kituo cha afya hata kama ni saa nane usiku. Homa iliondoka mapema. Kikohozi kilibaki baadaye, na hadi wiki mbili hilo ni jambo la kawaida.